Ubao umerudi nyuma, kidole kimekatika, kinga haikuwapo: taarifa iandikwe vipi?

"Mimi ni msimamizi wa karakana ya mbao hapa Mwanza, tuko mafundi sita. Jumanne saa nne asubuhi kijana wetu wa miaka 22 alikuwa anachana ubao wa paini kwenye msumeno wa mezani. Ubao ukarudi nyuma ukampiga tumboni, na mkono wa kushoto ukaingia kwenye bledi. Ncha ya kidole cha shahada imekatika, cha kati kimechanika. Mashine haina kinga tangu mwaka jana. Tulimfunga kidole kwa mpira wa baiskeli, kipande tukakiweka kwenye barafu, ila hospitali walisema hakirudishiki. Wamemshona yuko nyumbani, lakini tumbo bado linamuuma. Bosi anataka niandike kuwa ni uzembe wake, maana alifundishwa. Leo ni Jumamosi. Niandike nini, na je, kukosekana kwa kinga kutamnyima fidia?"

Ndugu msimamizi, karatasi ziweke kando kwanza. Mrudishe kijana hospitali leo hii, na mwambie daktari maneno haya: "Jumanne alipigwa tumboni na ubao uliorushwa na mashine, na maumivu hayajaisha." Siku ya ajali macho ya wote yalikuwa kwenye mkono unaotoka damu, kwa hiyo inawezekana kabisa tumbo halikupimwa. Ubao unaorudi nyuma hupiga kwa ncha yake, na nguvu yote hukusanyika mahali padogo. Wengu na ini vinaweza kupasuka kidogo, damu ikajikusanya ndani ya ganda la kiungo, halafu ganda likaachia siku kadhaa baadaye, hata wiki baadaye. Akiwa anahisi maumivu kwenye bega la kushoto bila bega kuguswa, akipata kizunguzungu anaposimama, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, tumbo kukakamaa au mkojo wenye damu, hapo si suala la kusubiri foleni ya kawaida. Apelekwe idara ya dharura. Hata bila dalili hizo anahitaji kupimwa tumbo kwa ultrasaundi. Asitulizwe kwa vidonge vya maumivu vya dukani, kwa kuwa vitapunguza ile ishara pekee inayomwonya.

Sasa turudi kwenye mashine, kwa sababu bila kuelewa kilichotokea huwezi kuandika taarifa inayosimama.

Watu wengi huamini ubao hurudi kwa sababu fundi hakushika vizuri. Hebu simama pembeni ya msumeno wa mezani uangalie bledi inavyozunguka. Meno ya mbele, yale yaliyo upande wa fundi, yanashuka, kwa hiyo yanaukandamiza ubao mezani. Meno ya nyuma yanapanda. Ubao ukigusana na meno yale ya nyuma unainuliwa, unapanda juu ya bledi na kutupwa kule bledi inakoelekea, yaani kwa fundi. Bledi ya milimita 300 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha ya jino lake hukimbia mita 47 kwa sekunde, ambayo ni karibu kilomita 170 kwa saa. Ubao haufikii spidi yote hiyo, lakini hauhitaji kuifikia. Mtu huchukua takriban sehemu ya tano ya sekunde kuanza kuitikia jambo la ghafla, na kwa muda huo ubao umeshafika. Hakuna mkono wa binadamu unaoushika.

Hapo ndipo unaelewa pia kwa nini kijana ameumia sehemu mbili kwa pigo moja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unakandamiza ubao mezani. Ubao ulipotoka chini ya kiganja, kile alichokuwa amekiegemea hakikuwapo tena, mkono ukashuka ukakutana na bledi. Wakati mwingine ubao wenyewe huuburuta mkono kwenda huko. Vyovyote iwavyo, mkono huingia baada ya ubao kuanza kuondoka. Anayesema "alipeleka mkono kwenye bledi" amegeuza mpangilio wa matukio.

Kilichoufanya ubao uguse meno ya nyuma ni nini? Kwa paini, hasa ile iliyoletwa ingali na unyevu, sababu ninayoishuku kwanza ni mkato kujifunga. Mti uliokua ukiinama, au ubao uliokauka nje kuliko ndani, hubeba mvutano ndani yake. Unapouchana, pande mbili zinaachiliwa na kujikunja, na badala ya kuachana zinabana bledi kutoka nyuma. Sababu ya pili ni mwongozo wa pembeni, ule ambao ubao hutembea ukiuegemea, kutokuwa sambamba na bledi: ukiwa umekaribia bledi kwa nyuma hata milimita moja, unausukuma ubao kwenye meno yanayopanda. Sababu ya tatu ni ubao kuachana na mwongozo na kukaa mshazari.

Sababu hizi unaweza kuzitofautisha, mradi ubao haujatupwa. Pima upana wa mkato karibu na pale bledi ilipofikia, halafu upime mwanzoni mwa ubao. Kama bledi hukata milimita 3.2 na mwanzoni pamebaki 1 au hapana kitu, mkato ulijifunga. Tafuta alama nyeusi za kuungua kwenye kuta za mkato. Hizo zinaonyesha msuguano. Geuza ubao uangalie chini: mchubuko uliopinda kama upinde ni njia ya meno ubao ulipokuwa unapanda juu ya bledi. Kisha, umeme ukiwa umekatwa, pima kutoka kwenye mwongozo hadi jino la mbele, zungusha bledi kwa mkono mpaka jino hilohilo liwe nyuma, upime tena. Vipimo viwili vikitofautiana, umepata jambo la kuandika.

Nije kwenye kinga, na hapa nina sahihisho. Unasema "mashine haina kinga", lakini kwenye msumeno wa mezani kuna vitu viwili, na kazi zake ni tofauti. Kile kifuniko cha juu kinazuia mkono usifikie meno. Kinachozuia ubao usirudi ni kisu cha nyuma: kipande cha chuma bapa kilichopinda kama mwezi mchanga, kinachosimama nyuma ya bledi ndani ya mkato. Kinazuia mkato usijifunge na kinaukinga ubao usiguse meno yanayopanda. Ili kifanye kazi, unene wake lazima uwe mkubwa kuliko bamba la bledi, yaani mwili wake bila meno, na mdogo kuliko upana wa mkato. Bamba likiwa na milimita 2.2 na mkato 3.2, kisu cha milimita 2.5 hadi 2.8 kinafaa. Kisu chembamba kuliko bamba ni pambo tu, na kinene kuliko mkato kitakwamisha ubao katikati ya kazi. Umbali kati yake na meno, ukipimwa pale mezani, usizidi milimita 8, na ncha yake ya juu isipungue chini ya kilele cha bledi kwa zaidi ya milimita 25.

Sasa, kwenye mashine nyingi kifuniko kimefungwa juu ya kisu hicho. Fundi anataka kukata mfereji wa mlango, mfereji haupiti hadi juu ya ubao, kifuniko kinamzuia. Anafungua bolti, vyote viwili vinatoka pamoja, na mwaka unapita. Nina hakika ndivyo ilivyotokea kwenu, kwa sababu ndivyo inavyotokea karibu kila mahali. Kwa hiyo kwenye taarifa usiandike "kinga haikuwapo" ukaishia hapo. Andika kama kifuniko kilikuwapo, kama kisu kilikuwapo, kiliondolewa lini, kwa kazi gani, na nani alijua. Na tafadhali, asitokee mtu akairudishia kinga kisha akaipiga picha. Boliti mpya kwenye mashine yenye vumbi la mwaka mzima humsimulia mkaguzi habari yote.

Neno "uzembe" lisiingie kwenye taarifa. Sababu si huruma kwa kijana. Uzembe ni hukumu, na taarifa ya ajali hubeba kilichoonekana na kilichopimwa. Mfano wa maelezo ninayoyakusudia ni huu, wewe uweke vipimo vyako halisi:

"Jumanne, saa 4:10 asubuhi, fundi alikuwa anachana ubao wa paini wenye urefu wa mita 1.8, upana wa sentimita 20 na unene wa sentimita 5, ili kupata kipande cha sentimita 7. Bledi ni ya milimita 300. Kifuniko cha juu na kisu cha nyuma havikuwapo. Viliondolewa mwaka jana wakati wa kazi ya mifereji ya milango na havikurudishwa. Hakukuwa na kijiti cha kusukumia mezani. Mkato ulipofika takriban sentimita 120, shahidi aliyekuwa mita tatu pembeni alisikia mlio wa bledi ukibadilika, akaona ubao ukiinuka upande wa nyuma na kurudi kwa fundi. Ubao ulimpiga tumboni upande wa kushoto. Mkono wa kushoto, uliokuwa unakandamiza ubao, uligusa bledi. Mkato umepimwa baada ya ajali: milimita 3.2 karibu na bledi, milimita 1 mwanzoni."

Baada ya hapo orodhesha majeraha yote, na tumbo liwemo. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana: jeraha ambalo halikutajwa mwanzoni huwa na kazi kubwa ya kuthibitishwa baadaye kuwa lilitokana na ajali ileile.

Kuhusu "alifundishwa", muulize bosi maswali manne tu: alifundishwa na nani, tarehe gani, kwenye mashine hii au nyingine, na alifundishwa nini. Kumtazama fundi mkuu kwa miezi mitatu ni kuzoea kazi. Mafunzo ya msumeno huu ni pamoja na kukagua kisu na kifuniko kabla ya kuwasha, kupanga mwongozo, na kusimama upande mmoja wa mstari wa bledi ili ubao ukirudi upite kando yako. Ni pamoja na kutumia kijiti cha kusukumia chenye urefu usiopungua sentimita 45 kwa sentimita 30 za mwisho za kila mkato, na kujua ubao upi haupaswi kupitishwa hapo kabisa. Kisha mfundishaji humwangalia mwanafunzi akifanya mwenyewe, na wote wawili wanaweka saini. Kama karatasi hiyo haipo, andika: "Hakuna kumbukumbu ya mafunzo. Alionyeshwa kazi kwa mdomo na fundi fulani mwezi fulani." Karatasi ya mafunzo iliyotengenezwa leo na kupewa tarehe ya mwezi wa tatu ni udanganyifu, na saini itakayokuwa chini yake ni yako wewe.

Tuje kwenye fidia. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 haimtaki mfanyakazi athibitishe kwamba mwajiri alikosea. Kinachotazamwa ni kama alikuwa mwajiriwa na kama aliumia kutokana na kazi na akiwa kazini. Ni kweli sheria inataja utovu wa nidhamu mkubwa na wa makusudi kama sababu ya kunyimwa, na hata hapo haimwachi mtu aliyepata ulemavu mkubwa, wala wategemezi wa aliyefariki. Lakini kutumia mashine ambayo karakana yenyewe iliiacha bila kinga kwa mwaka mzima, mbele ya macho yako na ya bosi, kwa maoni yangu ni vigumu sana kuiita makusudi ya kijana. Kwa hiyo kukosekana kwa kinga, kukiandikwa kwa ukweli, hakumwumizi yeye. Kinachoweza kumwumiza ni kile kisingizio cha "uzembe", au taarifa inayosema ajali ilitokea nyumbani.

Mwajiri anatakiwa kuitaarifu WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ndani ya siku saba tangu ajue ajali. Bosi alijua Jumanne, na leo ni Jumamosi. Usiivizie siku ya mwisho. Taarifa iandikwe leo na itumwe mara ofisi zitakapofunguliwa. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, anapaswa kupewa taarifa yake tofauti. Taasisi hizi mbili mara nyingi huchanganywa: WCF hushughulika na matibabu na fidia ya mtu, OSHA hushughulika na mashine na karakana. Kupeleka karatasi upande mmoja hakumalizi wajibu wa upande wa pili.

Akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda, Mfuko hulipa asilimia 70 ya mshahara, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu wa kidole hukadiriwa na daktari baada ya kupona, kwa hiyo asikubali kusaini "tumemalizana" mwezi huu kwa bahasha ya shilingi laki mbili. Kama hana mkataba wa maandishi, hilo peke yake halimwondolei haki. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamhesabu mtu kuwa mwajiriwa kwa kuangalia hali yenyewe, kwa mfano kama saa zake za kazi hupangwa na mwingine, kama hupewa vifaa na huyo mwingine, au kama amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita.

Najua uko mahali pabaya; bosi ndiye anayekulipa. Njia ninayokushauri ni kumpelekea taarifa ya ukweli kwa maandishi, yenye tarehe, ubaki na nakala. Mweleze wazi kwamba ukaguzi unaweza kuja na unaweza kumgharimu, hilo usimfiche, lakini taarifa ya uongo ikigundulika itamwongezea kosa jingine juu ya lile la mashine. Akikataa kuituma, kijana au ndugu yake aende mwenyewe ofisi ya WCF iliyo karibu, akiwa na karatasi za hospitali, majina ya mashahidi na picha. Dai linapaswa kufikishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Ikifikia vitisho au kufukuzwa kazi, nendeni kwa afisa kazi ana kwa ana. Mambo hayo hayatatuliwi kwa maandishi kama haya.

Kuhusu huduma ya kwanza, umeuliza kwa kificho lakini nimekusikia. Mpira wa baiskeli kwenye kidole haukuhitajika. Ukanda mwembamba unaobana hivyo huponda mishipa na kuinyima damu sehemu iliyobaki nzima. Damu ya kidole, hata ikitisha, husimama kwa kukandamizwa moja kwa moja na kitambaa safi kwa dakika kumi kamili bila kufunua kuchungulia, mkono ukiwa umeinuliwa juu ya usawa wa moyo. Pete itolewe mapema kabla vidole havijavimba. Kufunga kwa kubana ni kwa damu ya mkono au mguu inayochuruzika bila kukubali kusimama na kutishia maisha: ukanda wenye upana wa sentimita 4 au zaidi, kati ya jeraha na moyo, si juu ya jeraha lenyewe, na saa iandikwe.

Kipande cha kidole hakiwekwi kwenye barafu moja kwa moja, kwa kuwa barafu hugandisha nyama na kuiharibu. Kisuuzwe kwa maji safi, kifungwe kwenye shashi au kitambaa safi chenye unyevu, kiingizwe kwenye mfuko wa plastiki usiovuja, na mfuko huo ndio uwekwe kwenye maji yenye barafu. Kikitunzwa hivyo, kidole kinaweza kuvumilia saa 12 hivi. Hata hivyo msijilaumu kupita kiasi: ncha iliyosagwa na meno ya msumeno mara nyingi haishoneki hata ikifika vizuri, na hospitali nyingi hazina daktari wa kuunganisha mishipa midogo kiasi hicho. Mkipita hospitali leo, ulizeni pia kama alichomwa sindano ya pepopunda, na daktari aangalie kama kidole cha kati kinakunjika na kunyooka chenyewe, maana kano iliyokatika ikisubiri wiki kadhaa huwa ngumu kuunganisha.

Mashine isiwashwe. Chomoeni plagi au mzime swichi kuu na kuifunga kwa kufuli, na ubao ule, ukiwa na mkato wake, uwekwe stoo wenye tarehe juu yake mpaka OSHA waseme. Kifuniko fundi wa chuma wa mtaani anaweza kukitengeneza. Kisu cha nyuma simshauri akibahatishe: pelekeni bledi dukani, ipimwe kwa kalipa, mtafute kisu cha mashine hiyo chenye unene unaolingana. Mpaka kipatikane, paini mbichi na mbao zilizopinda zichanwe kwenye msumeno wa mkanda, ambao meno yake yanavuta ubao kwenda chini mezani na hayana upande wa nyuma unaopanda.